Gemu ya Steam ikigoma kufunguka bila intaneti

Wadau, kama unajua utakaa sehemu haina neti, usisubiri neti ikate ndo uanze kuhangaika na oflaini, hiyo unaiandaa ukiwa bado onlaini. Ingia Steam ukiwa umetiki Remember me, acha gemu imalize apdeti yote, alafu ifungue kabisa mpaka uanze kucheza, maana gemu nyingi zinakagua leseni pale pale inapofunguka mara ya kwanza na kuacha kibali ndani ya kompyuta yako. Toka, bonyeza menyu ya Steam juu kushoto, chagua Go Offline, kisha zima waifai ujaribu kuifungua tena. Ikifunguka hapo, uko sawa.

Ila angalia zile zenye ulinzi wa Denuvo, kibali chake kimefungwa na mashine, so ukibadili prosesa au ukiapdeti Windows kinaweza kufa na gemu ikadai neti upya hata kama Steam yenyewe iko oflaini freshi tu. Kwa hiyo apdeti za Windows maliza kwanza, kibali kiwe cha mwisho. Na gemu inayochezwa kwenye seva muda wote, hiyo Go Offline haiisaidii kabisa.