Ukishaweka APK kwenye TV, rudi ukafunge mlango

Jirani yangu hapa Ntinda alishangaa bando la wiki kuisha siku ya tatu, na TV yake ya Android "imezimwa" mchana kutwa. Kumbe rimoti huilaza tu. Intaneti huweza kubaki hewani. Tukachomoa TV ukutani siku mbili, matumizi yakashuka. Mtuhumiwa akawa app ya mpira wa bure, aliyowekewa dukani kwa faili la APK kutoka kwenye flashi.

App yenyewe tuliifuta, lakini mlango ulikuwa bado wazi. Kwenye Android 8 na kuendelea, ruhusa ya kuweka app za nje ya Play Store hupewa app moja moja. Fundi alikuwa ameipa app ya kusomea mafaili, kwa hiyo yeyote mwenye flashi, hata mtoto, angeweza kuanza kuweka APK nyingine. Ingia `Settings`, tafuta `Security & restrictions`, kisha `Unknown sources` (mahali pake hutofautiana kwa TV), uzime kila jina. Hapo hapo hakikisha `Verify apps` imewashwa.

Pitia pia `Developer options`: `USB debugging` ikiwa imewashwa, izime. Kwenye TV nyingine hiyo hufungua poti 5555, njia ya kuiamuru TV kutoka kifaa kingine kwenye mtandao wa nyumbani.

App ya mpira ikikuomba `Accessibility`, kataa. Ya nini? Ruhusa hiyo huiwezesha kusoma skrini na kubonyeza kwa niaba yako.

Virusi vikija na boksi la TV lenyewe tangu kiwandani, hata factory reset haiviondoi.