Jinsi ya kuandika Maelekezo kwa Wazabuni bila tarehe kugongana

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu kusahihisha mwaliko wa zabuni ambao tangazo lake lilisema jambo moja kuhusu mwisho wa kuwasilisha na maelekezo ya ndani yakasema jingine. Unamfaa anayeandaa hati. Mzabuni naye akiusoma atajua pa kukagua kwanza.

Hatua ya 1: Andika kwenye jedwali

Kama taasisi yako ina hati sanifu, vifungu vya maelekezo usiviguse. Mambo ya zabuni yako pekee, kama tarehe, anwani na idadi ya nakala, yaweke kwenye jedwali la taarifa za zabuni, na kila mstari utaje namba ya kifungu unachokijaza.

Hatua ya 2: Ustahiki

Tenganisha ustahiki na uwezo. Ustahiki ni ruhusa ya kushiriki: usajili halali, kutokuwa kwenye orodha ya waliofungiwa, kutokuwa na mgongano wa masilahi. Uzoefu na mtaji ni uwezo, navyo vina sehemu yake kwenye vigezo vya tathmini. Kwa kila sharti la ustahiki taja hati inayolithibitisha. Kama unaruhusu ubia, sema wazi kwamba kila mbia ataleta hati zake za ustahiki, la sivyo utaletewa za kiongozi wa ubia peke yake.

Hatua ya 3: Ufafanuzi

Maswali yaje kwa maandishi, na majibu yaende kwa wote waliochukua hati bila kumtaja aliyeuliza. Jibu linalobadilisha sharti lolote litolewe kama nyongeza yenye namba na tarehe. Maelezo ya mdomo wakati wa kutembelea eneo la kazi hayabadilishi hati, na jambo hilo liandikwe.

Hatua ya 4: Tarehe

Hapa usiharakishe. Tarehe zote hutegemea moja, yaani mwisho wa kuwasilisha, na hiyo ikisogea nyingine hubaki nyuma bila mtu kugundua.

Tuseme mwisho ni 3 Juni 2026. Maswali yanapokewa hadi siku 14 kabla, yaani 20 Mei, na majibu yanatoka kufikia 27 Mei. Zabuni inabaki hai siku 120 kuanzia mwisho wa kuwasilisha, na dhamana ya zabuni inaendelea siku 28 zaidi, ili mnunuzi awe bado na ulinzi iwapo mzabuni atajitoa dakika za mwisho. Usihesabu kwa vidole. Fungua lahajedwali, weka tarehe ya mwisho kwenye A2, kisha:

```
=A2-14
=A2+120
=A2+120+28
```

Utapata 20 Mei, 1 Oktoba na 29 Oktoba.

Sasa swali moja linalazimu kubadilisha michoro, nawe unatoa nyongeza inayosogeza mwisho hadi 17 Juni. Uhai wa zabuni unafika 15 Oktoba, na dhamana inatakiwa ifike 12 Novemba. Mzabuni aliyekwenda benki mapema ana dhamana inayoisha 29 Oktoba, pungufu kwa siku 14. Kama nyongeza yako ilitaja mwisho mpya tu, ataleta dhamana hiyohiyo kwa nia njema, na kamati ya tathmini itamwondoa kwa kuwa muda haujatimia. Unaweza kumpoteza mwenye bei nzuri kuliko wote kwa sentensi moja uliyoiacha.

Kwa hiyo mimi naandika tarehe kamili, si idadi ya siku peke yake, na kila nyongeza inayosogeza mwisho inarudia jedwali zima la tarehe. Ukiandika tarehe kamili bila kulirudia jedwali, unazua utata mwingine: hakuna atakayejua kama tarehe ya zamani ya dhamana bado inatosha. Nyongeza iseme pia kama dhamana iliyokwishatolewa inaweza kuongezewa muda kwa barua ya benki, au inatakiwa mpya.

Muda wa saa uandike kwa njia mbili: 10:00, saa nne asubuhi. Ukiandika “saa 10:00” pekee, kuna atakayefika alasiri.

Hatua ya 5: Uwasilishaji

Nakala halisi moja na nakala mbili zinatosha. Taja kwamba zikitofautiana, nakala halisi ndiyo inayofuatwa. Kwa karatasi, eleza bahasha ifungwe vipi na iandikwe nini juu. Kwa mfumo wa mtandaoni, sema kwamba saa inayohesabiwa ni ya mfumo, na kwamba zabuni imepokewa pale upakiaji unapokamilika, si unapoanza. Kama dhamana halisi ya karatasi inahitajika, mahali na saa ya kuipeleka vionekane kwenye mstari wake.

Zabuni iliyochelewa irudishwe bila kufunguliwa. Tarehe ya mwisho ikiangukia siku ofisi zimefungwa, mwisho uwe siku ya kazi inayofuata, saa ileile, na ufunguzi ufuate papo hapo mahali palepale.