Kabla ya Kuiuzia kwa Mkopo Kampuni ya Nje: Je, ni Tanzu au ni Tawi?

Mwenye karakana au duka la jumla hapa Arusha anayeuza kwa mkopo kwa kampuni ya utalii yenye jina la Ulaya, asome haya kabla ya kusaini. Jina kwenye mkataba lifanane herufi kwa herufi na lililosajiliwa BRELA. Usiridhike na TIN wala leseni ya biashara, kwa kuwa tanzu, yaani kampuni mpya iliyosajiliwa hapa na kumilikiwa na ya nje, na tawi, yaani kampuni ile ile ya nje, vyote huwa navyo. Neno “Limited” nalo halitoshi, maana kampuni ya Uingereza yenye tawi hapa huja na “Limited” yake kutoka kwao.

Omba cheti cha usajili, usome kichwa chake. Kampuni tanzu, kwa kuwa imezaliwa hapa chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002, hupewa Certificate of Incorporation. Tawi la kampuni ya kigeni hupewa Certificate of Compliance, kwa sababu kampuni yenyewe ilikwisha kusajiliwa kwao.

Baada ya hapo lipia taarifa ya upekuzi BRELA, na hapa usiwe na haraka. Fundi mmoja wa mahema wa eneo la Unga Limited hapa Arusha aliilipia, akaona kwamba kati ya hisa 100, hisa 99 zinamilikiwa na kampuni kubwa ya nje, akafurahi na kutoa mahema 20 kwa mkopo. Alichokiona kilikuwa na maana kinyume na alivyodhani. Orodha ya wanahisa iliyosajiliwa hapa ndiyo dalili ya tanzu, na tanzu ni mtu anayejitegemea kisheria: mwanahisa aliyekwisha kulipia hisa zake hadaiwi madeni ya kampuni. Watalii walipokatika mwaka 2020, tanzu ile haikuwa na mali ya kukamatwa, kwani hata magari yalikuwa ya kukodi, na kampuni mama ikajibu kwa barua fupi kwamba haikuwa sehemu ya mkataba. Nembo yake ilikuwa juu ya kila oda, lakini nembo si dhamana. Kwa tanzu, dai dhamana ya maandishi iliyosainiwa na kampuni mama yenyewe.

Lingekuwa tawi, taarifa ingeonyesha nchi ilikosajiliwa kampuni na jina la mkazi wa Tanzania aliyeidhinishwa kupokea nyaraka za mahakama, na mdaiwa angekuwa kampuni ile ile ya nje. Hata hivyo, kushinda kesi Arusha hakukupi mkono wa kufikia akaunti iliyoko ng’ambo, kwa hiyo uliza tawi lina mali gani nchini.

Anayesaini kwa niaba ya tawi aonyeshe hati ya uwakilishi kutoka makao makuu, na wa tanzu aonyeshe azimio la bodi. Taarifa ya upekuzi iwe mpya, uliyoilipia mwenyewe. Nakala unayoletewa na mteja iweke kando, hata kama ina muhuri, na kila oda kubwa inayofuata itazamwe upya, kwa sababu wanahisa na wakurugenzi hubadilika.