Somo: Muziki unalia kwenye gari, lakini jina la wimbo halionekani na kitufe cha kuruka wimbo hakiitiki

Simu ikiungana na redio ya gari kwa Bluetooth, zinafunguka njia mbili. Ya kwanza, A2DP, hubeba sauti peke yake. Ya pili, AVRCP, hupeleka jina la wimbo kwenye redio na kurudisha kwa simu amri za vitufe. Hii ya pili ikikwama, ya kwanza haina habari, na muziki unaendelea. Kwa hiyo spika na nyaya ziacheni.

Hatua ya 1. Wimbo ukiwa unalia, tazama skrini ya simu iliyofungwa. Jina la wimbo lipo? Bonyeza kitufe cha kuruka hapo hapo. Kama hakuna kitu, shida ni programu unayochezea muziki: haiikabidhi simu taarifa, na gari haliwezi kuonyesha lisichopewa. Jaribu programu nyingine.

Hatua ya 2. Kama kwenye simu kila kitu kipo, futa muunganisho pande zote mbili. Wengi hufuta kwenye simu tu, huku redio ikibaki na kumbukumbu za zamani. Zima gari, liwashe, kisha unganisha upya.

Hatua ya 3, kwa Android. Kwenye `Settings`, sehemu ya `About phone`, gusa `Build number` mara 7, ingia `Developer options`, tafuta `Bluetooth AVRCP Version`. Kumbuka ilikuwa namba gani, kisha weka 1.3. Zima Bluetooth, iwashe, na urudie hatua ya 2, maana redio huuliza toleo pale inapoungana.

Gari la shemeji yangu, lililotoka Japani, lilipoteza majina siku aliyobadilisha simu. Simu ya zamani ilikuwa bado inaonyesha vizuri, kwa hiyo redio ilikuwa nzima. Simu mpya ilikuwa kwenye 1.5, tuliposhusha hadi 1.3 majina yakarudi, na vitufe vya usukani vikaitika.

MASWALI

— Mwalimu, vitufe vyangu vinafanya kazi ila jina halitokei kabisa, kwa simu yoyote ile.
Ndugu, hiyo inaelekea ni redio ya AVRCP 1.0. Toleo hilo linajua amri tu. Majina ya nyimbo yalianza na 1.3. Hakuna utakachobadilisha kwenye simu kitakachosaidia.

— Natumia kile kidude cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la AUX. Vitufe vya usukani havirushi wimbo.
Waya wa AUX unapitisha sauti pekee. Simu yako imeungana na kidude, gari halijui kama kuna simu. Tumia vitufe vya kidude chenyewe.

— Na sisi wa iPhone, kaka?
Mpangilio wa hatua ya 3 haupo kwenu. Fanya ya 1 na ya 2. Zikishindikana, muulize fundi kama redio yako ina programu mpya ya kusasishia.