Ukiandika ujumbe wenye utata, usahihishe hivi

Tuseme wewe ni wakala wa kutoa mizigo bandarini Mombasa. Ulimwandikia mteja, "Nitumie hati ya shehena." Akatuma picha, kumbe ulitaka hati halisi ya kukabidhi kwa wakala wa meli. Jibu kwenye mazungumzo yaleyale:

"Assalamu alaikum, Mama. Ujumbe wangu wa jana haukutaja kwamba nahitaji hati halisi, ile karatasi yenyewe. Picha nimeipata na itanifaa kuandaa taarifa za forodha, kwa hiyo hakuna haja ya kuituma tena. Naomba hati yenyewe inifikie ofisini kesho, Jumatano, kabla ya saa sita mchana."

Hiyo sentensi ya picha usiiache. Bila hiyo, mteja ataona kazi yake imepotea bure, au ataituma upya.

Epuka "samahani kama hukunielewa", maana hiyo "kama" inamrudishia yeye kosa. "Kama nilivyosema" ni mbaya zaidi, kwa sababu hukusema. Radhi moja fupi ukitaka, sawa, lakini usieleze kwa nini uliandika vile. Na ikiwa ada ya kuhifadhi kontena inakaribia kuanza, mpigie simu pia.