Kukata rufaa dhidi ya kifungo kikali kupita kiasi: kuanzia nakala ya kesi hadi siku ya kusikilizwa

Mwongozo huu ni wa Kenya, kwa mtu aliyefungwa na hakimu ambaye rufaa yake inakwenda Mahakama Kuu. Tutafuata mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho.

Mtunza stoo alishtakiwa kwa kumwibia mwajiri wake, kosa la kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu, ambalo adhabu yake ya juu kabisa ni miaka 7. Mali ilikuwa ya shilingi 84,000. Alikamatwa 3 Machi akabaki rumande. Mwanzoni alikana, lakini siku ya kusikilizwa, kabla ya shahidi wa kwanza kupanda kizimbani, akakiri. Amerudisha 60,000 na hajawahi kutiwa hatiani. Tarehe 6 Agosti hakimu akamfunga miaka 5.

Hatua ya 1: Angalia kama kuna nafasi ya kupunguza

Fungua kifungu alichoshtakiwa nacho. Kikisema mshtakiwa "anaweza" kufungwa hadi miaka fulani, hakimu alikuwa na hiari na unaweza kupinga namna alivyoitumia. Kikiweka kiwango cha chini, mambo ni tofauti kabisa. Julai 2024 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba viwango vya chini vilivyo katika Sheria ya Makosa ya Kingono ni halali. Kwa hiyo aliyepewa kiwango hicho cha chini hawezi kukishusha kwa kuonyesha kwamba mwingine alipewa kidogo. Kifungu cha 281 hakina kiwango cha chini, kwa hiyo mtunza stoo wetu ana njia.

Kukiri hakumzuii. Kifungu cha 348 cha Kanuni ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamnyima aliyekiri rufaa ya kupinga hatia, lakini kinamwachia rufaa kuhusu kiasi na uhalali wa adhabu.

Hatua ya 2: Siku 14

Rufaa inawasilishwa ndani ya siku 14 tangu adhabu kutolewa. Omba nakala ya mwenendo wa kesi siku hiyo hiyo, kwa barua, na utunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nakala ikichelewa, barua hiyo ndiyo itakayokuokoa, kwa sababu kifungu cha 349 kinaitaka mahakama ipokee rufaa iliyochelewa kwa kukosa nakala. Aliye gerezani anampa mkuu wa gereza hati yake ya rufaa, naye anaifikisha mahakamani.

Kifungo kikiwa kifupi, ombeni pia dhamana ya kusubiri rufaa chini ya kifungu cha 357, la sivyo muda mwingi utakuwa umeshatumikiwa kabla jaji hajaigusa faili.

Hatua ya 3: Tafuta kilichorukwa

Kurasa za kusoma kwa makini ni zile zinazofuata neno la hatia. Mara nyingi ni mistari michache tu. Upande wa mashtaka unasema hauna rekodi za nyuma, mshtakiwa anaomba kuhurumiwa, kisha hakimu anaandika, tuseme: "Nimezingatia maombi ya mshtakiwa. Kosa hili limekithiri. Atafungwa miaka 5."

Chukua karatasi uigawe sehemu mbili. Kushoto andika kila jambo la kupunguza adhabu lililomo ndani ya nakala, pamoja na ukurasa wake: kukiri, rekodi safi, 60,000 zilizorudishwa, miezi mitano rumande, ripoti ya afisa wa probesheni kama iliitishwa. Kulia andika hakimu alisema nini kuhusu kila jambo. Panapobaki patupu ndipo penye rufaa yako.

Rumande ndilo jambo lenye nguvu kuliko yote hapa, kwa sababu si suala la huruma. Kifungu cha 333(2) kinaamuru muda huo uzingatiwe. Kuanzia 3 Machi hadi 6 Agosti ni miezi mitano na siku tatu. Kama hakimu hakusema kifungo kinahesabiwa tangu lini, na hati ya kifungo inaonyesha 6 Agosti, kosa liko wazi kwenye karatasi.

Kuwa mkweli kuhusu kukiri. Hakukiri siku ya kwanza, kwa hiyo uzito wake ni mdogo kidogo. Sema kwamba kuliokoa muda wa mahakama na kuwaepusha mashahidi na usumbufu, usidai zaidi ya hapo.

Jambo lisilomo kwenye nakala, kwa mfano ugonjwa ambao hakuutaja, halipenyezwi katika hoja. Linahitaji ombi la kuongeza ushahidi chini ya kifungu cha 358. Wengi hubandika barua ya hospitali nyuma ya hoja zao, kisha jaji anaikataa bila kuisoma.

Hatua ya 4: Linganisha na kesi za aina moja

Kwenye new.kenyalaw.org andika:

```
"stealing by servant" "section 281" "manifestly excessive"
```

Chagua nne au tano za Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufaa, ukipendelea za miaka ya karibuni. Kwa kila moja andika thamani ya mali, kiasi kilichorudishwa, alikiri au alikana, rekodi yake, na kifungo alichobaki nacho baada ya rufaa. Namba ya miaka peke yake haimwambii jaji kitu.

Usikusanye zilizopunguzwa pekee. Tuseme umepata uamuzi ambamo mali ilikuwa ya shilingi 200,000, hakuna kilichorudishwa, mshtakiwa alikana hadi mwisho, na Mahakama Kuu ikakiacha kifungo cha miaka 3. Huo unakufaa sana: aliyekosa zaidi, bila chochote cha kumpunguzia, alibaki na adhabu ndogo. Ukikutana na uamuzi unaokupinga, utaje na uonyeshe tofauti, kwa mfano kwamba yule alikuwa na hatia ya nyuma. Wakili wa serikali atauleta tu, na ni afadhali jaji ausikie kwako kwanza.

Kisha pima dhidi ya kilele. Miaka 5 kati ya 7 ni zaidi ya theluthi mbili. Uliza: aliyeiba mamilioni, mwenye rekodi, asiyerudisha hata senti, ameachiwa nafasi gani?

Hatua ya 5: Andika sababu za rufaa

Kipimo kinatoka kesi ya Ogolla s/o Owuor ya 1954, ya iliyokuwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Mahakama ya rufaa haibadilishi adhabu kwa sababu tu yenyewe ingetoa nyingine. Inaingilia hakimu akifuata kanuni isiyo sahihi, akiacha jambo la msingi, au adhabu ikiwa imezidi kwa wazi. Kwa hiyo:

1. Hakimu alikosea kisheria kwa kutozingatia miezi mitano na siku tatu za rumande.
2. Hakimu aliacha mambo ya msingi: kurudishwa kwa shilingi 60,000 kati ya 84,000, kukiri, na rekodi safi.
3. Miaka 5 imezidi kwa wazi ikilinganishwa na kesi za aina hii.

Usiongeze "sikuiba". Sentensi hiyo moja inaua majuto unayoyategemea. Maombi nayo yawe na kipimo: kifungo kipunguzwe hadi miezi 18 kuanzia 3 Machi, au sehemu iliyobaki igeuzwe kuwa huduma kwa jamii.

Hatua ya 6: Siku ya kusikilizwa

Kifungu cha 354 kinampa jaji uwezo wa kupunguza na wa kuongeza. Upande wa mashtaka ukiwa umeomba nyongeza, au jaji akionya kwamba anaifikiria, mrufani ana haki ya kuelezwa hatari hiyo mapema ili aamue kuendelea au kuiondoa rufaa. Kama kifungo alichopewa ni chepesi kuliko kesi ulizokusanya, mwambie kabla hamjaingia.

Leta kila hoja siku hii. Katika rufaa ya pili, kifungu cha 361 kinauhesabu ukali wa adhabu kuwa suala la ukweli wa mambo, na Mahakama ya Rufaa haitalisikiliza.