Chapisho la bei likigeuka ugomvi wa vyama

Nanunua dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, nafungasha na kuuza kupitia ukurasa wangu wa Facebook. Mwaka 2024, uvuvi Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, niliandika bei mpya na kumalizia: "Tuvumilie, samaki wazaliane." Jioni watu walikuwa wanarushiana maneno ya vyama, na mzee mmoja mwenye mitumbwi, anayeniuzia mzigo miaka yote, aliandika: "Wewe una dagaa stoo. Sisi tunakula nini?"

1. Usijibu kwanza. Piga picha za skrini, kisha soma maoni yote. Tenga wanaolalamikia ulichoandika na wanaogombana wao kwa wao. Ni wale wa kwanza tu wanaokudai jibu.

2. Tafuta neno lililochoma. Bei yangu ilikuwa sahihi, tarehe pia. Kosa lilikuwa kwenye "tuvumilie". Ile "tu" ilinihesabu pamoja na watu waliokosa kipato, wakati mimi nilikuwa na magunia ya kuuza.

3. Piga simu kabla ya kuandika. Hii ndiyo hatua inayookoa kazi. Nilimwambia: "Shikamoo mzee. Nimesoma maneno yako. Nimekosea kusema tuvumilie, na nitaliondoa neno hilo palepale nilipoliandika." Kisha nikanyamaza, akasema yake: vijana wake wa mtumbwini walikuwa wanamkopa kila siku, naye hana. Usimwombe afute maoni yake; ataona ulichojali ni sura yako tu. Asipopokea, nenda kwake. Usimtumie ujumbe mrefu, maana ujumbe husambazwa.

4. Rekebisha hadharani. Ukibadilisha kimya kimya, msomaji anaweza kufungua `View edit history` akaona ulichoondoa. Ukifuta chapisho lote, zinabaki picha za skrini za watu wengine, bila maelezo yako. Niliondoa sentensi ile na kuongeza chini: "Marekebisho: nimeondoa neno 'tuvumilie'. Wavuvi ndio waliosimama kazi, si mimi. Bei inabaki ileile."

5. Siasa ijibu mara moja tu. Niliandika: "Hapa tunazungumzia bei na mzigo. Matusi nitayaficha, ya upande wowote." Baada ya hapo sikurudi kubishana. Kanuni hiyo ishike kweli: ukificha tusi la upande mmoja na kuacha la mwingine, wateja na maofisa unaofanya nao kazi watakuhesabu una chama. Jua pia kwamba `Hide comment` haifuti. Aliyeandika na marafiki zake bado wanayaona maneno hayo. Kwa hiyo tishio au namba ya simu ya mtu, piga picha kisha futa kabisa.

Usiku, kabla ya kulala, nilizuia maoni mapya hadi asubuhi, kwa sababu ugomvi usio na mtu wa kuuangalia ndio unaotaja watu majina.